Jina Baada ya @: Kuhakiki Akaunti Kabla Posti Iliyopangwa Haijatoka

Katika mtandao wa X, kitengo cha mawasiliano cha Ikulu ya Tanzania kinatumia jina la akaunti @ikulumawasliano. Msomaji wa haraka halioni tatizo. Mhariri anaona mara moja kwamba herufi i imeruka kati ya s na l, na mkono wake unakimbilia kuirudisha. Akiirudisha, ameharibu. X hairuhusu jina la akaunti kuzidi herufi 15, na "ikulumawasiliano" likiandikwa kwa ukamilifu lina herufi 16. Kwenye Instagram, ambako ukomo ni herufi 30, ofisi hiyohiyo inapatikana kama @ikulu_mawasiliano, i yake ikiwa mahali pake na mstari wa chini ukiwa katikati. Kwa hiyo jina lililo sahihi kwa Kiswahili ndilo lisiloweza kufika popote upande wa X.

Jina la akaunti, basi, husomwa kama namba ya simu na si kama neno. Namba ya simu hairekebishwi ili ipendeze. Inanakiliwa ilivyo, tarakimu kwa tarakimu, na kabla ya kuitegemea mtu huipiga aone nani anapokea. Kazi ya kuhakiki majina kabla posti haijatoka imejengwa juu ya mambo hayo mawili, kunakili na kupiga, na inakuwa ngumu zaidi pale posti inapopangwa kutoka baadaye.

Posti iliyopangwa ni ile inayoandikwa sasa, ikawekewa siku na saa, kisha ikatoka yenyewe. Kurasa nyingi za biashara, magazeti, vyuo na taasisi hufanya hivyo kupitia Meta Business Suite, kupitia kipangilio cha X chenyewe, au kupitia programu kama Buffer na Hootsuite zinazotuma mitandao kadhaa kwa mpigo. Anayeposti papo hapo kutoka kwenye simu ana msaada mmoja asioutambua: akiandika tu @ na herufi mbili tatu, orodha ya akaunti hushuka pamoja na picha za wenyewe, naye huchagua anayemtaka. Anayepanga posti mara nyingi hukosa msaada huo. Maandishi yake yametoka kwa mwandishi mwingine, yamepita kwenye kundi la WhatsApp ili bosi ayapitishe, yamebandikwa kwenye programu moja na kutumwa mitandao mitatu. Saa ya kutoka inapofika, huenda aliyeyaandaa yuko kwenye daladala au amelala.

Mtandao wenyewe hufanya kazi rahisi sana ukikutana na alama ya @. Unasoma herufi zinazofuata, moja baada ya nyingine, mpaka ukutane na alama isiyoruhusiwa katika jina la akaunti. Hapo unasimama, unachukua ulichokusanya na kutafuta kama kuna akaunti ya jina hilo. Ikiwepo, jina hugeuka kiungo na mwenye akaunti hupata taarifa kwamba ametajwa. Isipokuwepo, jina hilo haliongozi popote: hakuna aliyetajwa wala aliyepata taarifa. Kuna tokeo la tatu ambalo ndilo la kuogopwa: jina lipo, ila ni la mtu mwingine. Kwa macho, posti ya aina hiyo haina tofauti na posti sahihi. Jina lina rangi ya kiungo, linabofyeka, na aliyepanga anaridhika.

Facebook na LinkedIn zina utaratibu tofauti kidogo. Huko, anayetaja ukurasa huuchagua kwenye orodha, na mtandao huhifadhi namba ya ukurasa huo nyuma ya pazia. Ukurasa ukibadilisha jina baadaye, kiungo bado kinafika. Ubaya wake ni kwamba maandishi yaliyobandikwa tu, hata yakiwa na @ na jina sahihi, kwa kawaida hayana namba nyuma yake, hivyo hayamtaji mtu. Aliyeleta maandishi kutoka Instagram na kuyabandika Facebook hana budi kufuta kila jina na kulichagua upya kwenye orodha. Sehemu kubwa ya makala haya, hata hivyo, inahusu X na Instagram, kwa kuwa huko ndiko jina hutafutwa kwa herufi zake zenyewe.

Umbo la jina hutofautiana kwa mtandao. X inakubali herufi za kawaida, tarakimu na mstari wa chini, basi. Instagram inakubali hizo pamoja na nukta, mradi nukta isiwe mwisho wa jina. TikTok nayo inakubali nukta, na ukomo wake ni herufi 24. Herufi kubwa na ndogo hazileti tofauti kokote kati ya mitandao hiyo: @SIMBASCTANZANIA na @simbasctanzania ni akaunti moja. Hakuna mtandao kati ya hii unaokubali nafasi, kistari cha katikati au ritifaa, kwa hiyo jina lolote lililoandikwa na mojawapo ya hizo lina kosa hata kabla ya kufunguliwa.

Nukta inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko alama nyingine. Sentensi ikimalizika kwa jina la akaunti na nukta, kisha nafasi, hakuna tatizo, maana mtandao unajua kwamba nukta ya mwisho si sehemu ya jina. Tatizo huja pale nafasi inapokosekana. Mwandishi akiandika "@yangasc.Karibuni" bila kuacha nafasi, kwa X jina linaishia kwenye nukta, lakini Instagram inaruhusu nukta ndani ya jina, hivyo inasoma yote kama akaunti moja inayoitwa yangasc.karibuni. Kosa hilo ni la kidole gumba tu, na mtu anayesoma kwa kufuata maana ya sentensi halioni kabisa.

Kosa lingine linatokana na WhatsApp, na kwa jinsi maandishi yanavyopitishwa Afrika Mashariki, pengine ndilo linaloshangaza watu mara nyingi zaidi. Katika WhatsApp, neno likizungukwa na nyota hukolezwa, na likizungukwa na mistari ya chini hulazwa. Wanaopitisha maandishi hupenda kukoleza majina ili yaonekane. Ujumbe huo ukinakiliwa na kubandikwa kwenye kipangilio, nyota na mistari hurudi kama alama za kawaida. X haitambui jina lililotanguliwa moja kwa moja na nyota au mstari wa chini. *@SimbaSCTanzania* hutoka kama maandishi tu. Mstari wa chini una hila zaidi kwa sababu ni alama halali ya jina: ukibaki nyuma ya jina, huhesabiwa kuwa herufi yake ya mwisho. Upande wa pili, akaunti ambayo jina lake linaanza na kuishia kwa mstari wa chini inaweza kuonekana kwenye WhatsApp ikiwa imelala tu, mistari yake imepotea machoni. Anayeiandika kwa kuitazama ataiacha mistari hiyo, na hatajua.

Mfano mmoja uliofuatwa hatua kwa hatua unaonyesha jinsi makosa haya yanavyokaa pamoja. Chukua duka la jezi Kariakoo linalotaka posti ya video itoke saa 3 asubuhi siku ya mechi ya watani wa jadi, Simba na Yanga, kwenye Instagram na X kwa wakati mmoja. Maandishi yamepitishwa kwenye kundi la WhatsApp siku mbili kabla, na yameingizwa kwenye programu ya kupangia yakiwa hivi:

```
Leo ni leo! *@simbasctanzania* na @yangasc.Jezi za
pande zote zipo dukani. Muziki: @diamondplatinumz
```

Hatua ya kwanza ni kuyatoa majina kwenye sentensi na kuyaweka peke yake, kila moja kwenye mstari wake. Jicho likiwa linasoma sentensi hukamilisha lenyewe kinachokosekana na kuruka kilichozidi. Jina likisimama peke yake jicho halina pa kujificha. Mhakiki anapata majina matatu, na mbele ya kila moja anaandika mitandao ambayo posti itakwenda. Hapo majina matatu yamekuwa kazi sita, kwa sababu jina la Instagram halithibitishi lolote kuhusu X.

Hatua ya pili ni kuangalia umbo bila kufungua chochote. Nyota kabla ya @simbasctanzania zinaondolewa. Nukta iliyogandana na "Jezi" inatenganishwa. Kisha majina yanahesabiwa. Simbasctanzania ina herufi 15, imefika ukingoni lakini imo. Diamondplatinumz ina herufi 16. Kuhesabu huko peke yake kunatosha kusema kwamba jina hilo haliwezi kuwepo X, hata kabla ya kulitafuta. Msanii mwenyewe huandika Platnumz, bila i, na @diamondplatnumz ina herufi 15 kamili. Hapa tena aliyeharibu ni mtu aliyejua jina la madini hayo kwa Kiingereza na akamsahihisha msanii.

Hatua ya tatu ni kupiga ile namba: kufungua kila ukurasa kwa anwani yake, katika kila mtandao. Anwani huandikwa kwa kubandika jina kutoka kwenye posti yenyewe, kwa maana mhakiki akiliandika upya kwa mkono huenda akaliandika sahihi bila kujua, na kosa likabaki salama ndani ya posti. Ni jambo dogo linalosahaulika sana.

```
https://www.instagram.com/simbasctanzania/
https://www.instagram.com/yangasc/
https://x.com/simbasctanzania
https://x.com/yangasc
```

Hapo ndipo kosa kubwa kuliko yote linapojitokeza, na halikuwa la herufi. Simba hutumia jina moja kwenye mitandao yote miwili. Yanga ni @yangasc kwenye Instagram, lakini kwenye X klabu hutumia jina lake rasmi, @YoungAfricansSC, ambalo nalo lina herufi 15. Posti ikitoka ilivyo, upande wa X duka lingekuwa limeitaja Simba kwa usahihi na kuikosa Yanga. Mashabiki wa Jangwani wangesoma kitu kingine kabisa katika kosa hilo, na hakuna maelezo ya kiufundi ambayo yangewaridhisha. Kosa hili hupita kirahisi kwa sababu nusu ya posti ni sahihi: mhakiki akijaribu jina moja na kulikuta linafanya kazi, hudhani na la pili liko hivyohivyo.

Dawa yake ni kuacha kutuma maandishi mamoja mitandao miwili. Programu nyingi za kupangia huruhusu kila mtandao kuwa na toleo lake, na posti yenye majina ya akaunti inapaswa kugawanywa daima. Toleo la X linakuwa hivi:

```
Leo ni leo! @SimbaSCTanzania na @YoungAfricansSC.
Jezi za pande zote zipo dukani. Muziki: @diamondplatnumz
```

Maneno "Leo ni leo" hapo mwanzo yana faida ambayo pengine mwandishi hakuikusudia. Kwenye X, posti inayoanza na @ huenda ikachukuliwa kama jibu kwa mwenye jina hilo, na isiwafikie wafuasi wote kama posti ya kawaida. Neno lolote likitangulia, tatizo halipo.

Kuwepo kwa akaunti ni nusu ya swali. Nusu iliyobaki ni kama mwenye akaunti ndiye anayekusudiwa, na hapa majina ya wakuu wa nchi za Afrika Mashariki yanafundisha vizuri. Rais William Ruto wa Kenya hutumia @WilliamsRuto kwenye X, kukiwa na s baada ya William. Rais Yoweri Museveni wa Uganda ni @KagutaMuseveni. Rais Samia Suluhu Hassan ni @SuluhuSamia kwenye X, jina la pili likitangulia, na @samia_suluhu_hassan kwenye Instagram. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo mtu angelipata kwa kubahatisha kutoka kwenye jina la kawaida. Anayebahatisha huishia ama kwenye akaunti ya mtu asiyehusika, ama kwenye ile iliyofunguliwa makusudi kuwasubiri wanaobahatisha.

Januari 2017, siku chache kabla ya kuapishwa, Donald Trump alirusha kwa wafuasi wake mamilioni maneno ya mtu aliyekuwa akimsifu binti yake, Ivanka. Maneno hayo yalikuwa na @Ivanka. Binti yake hutumia @IvankaTrump. @Ivanka ilikuwa ya mwanamke anayeishi Brighton, Uingereza, asiyehusika kwa lolote na familia hiyo. Akaunti ilikuwepo, imeandikwa bila kosa, inabofyeka. Mwanamke huyo alifurikwa na taarifa na maswali ya waandishi wa habari duniani kote kwa kosa ambalo si lake. Mara nyingi mjadala wa majina yaliyokosewa huzungumzia aibu ya aliyeposti tu. Aliyetajwa bila kuhusika naye anaumia, hasa kama posti ni ya lawama au ya habari mbaya, na hilo pekee lingetosha kumfanya mpangaji afungue ukurasa mara moja zaidi.

Alama ya tiki ya bluu haitoshi tena kuthibitisha. Tangu mwishoni mwa 2022, kwenye X tiki ya bluu inapatikana kwa kulipia, na Meta nayo ilianza kuuza uthibitisho wake 2023. Kwenye X, tiki ya kijivu kwa serikali na ya dhahabu kwa mashirika bado zina uzito zaidi. Uthibitisho ulio bora ni kuanzia upande wa pili: kufungua tovuti rasmi ya taasisi, kushuka hadi chini ya ukurasa ambako huwa kuna alama za mitandao, na kubofya kutoka hapo. Tovuti ikikupeleka kwenye akaunti ileile iliyo kwenye posti, shaka imekwisha. Pasipo na tovuti, mhakiki huangalia tarehe ya kujiunga, posti za nyuma, na nani wanaifuata. Instagram ina sehemu ya "Kuhusu akaunti hii" katika kurasa nyingi, inayoonyesha mwezi wa kujiunga na kama jina limewahi kubadilishwa. Akaunti ya benki iliyofunguliwa mwezi uliopita haihitaji uchunguzi mrefu.

Kuna udanganyifu mmoja ambao macho hayawezi kuukamata. X huonyesha herufi kubwa na ndogo kama mwenyewe alivyoziandika, na katika maandishi ya skrini I kubwa na l ndogo hufanana kabisa. Tapeli huchukua jina lenye l na kuweka I mahali pake. Njia ya kumnasa ni kubandika jina kwenye programu ya kuandikia na kuligeuza lote kuwa herufi ndogo: I ya tapeli hugeuka i na kuonekana na nukta yake. Sifuri na O kubwa hutenganishwa kwa njia hiyohiyo.

Ukurasa ukikataa kufunguka, sababu haziko moja. X husema "This account doesn't exist" kwa jina lisilo na mwenyewe, na "Account suspended" kwa akaunti iliyofungiwa. Hilo la pili lina maana kwamba jina liliandikwa sawa na tatizo ni la mwenye akaunti. Instagram haichambui hivyo. Ujumbe wake wa "Sorry, this page isn't available" unaweza kumaanisha jina limekosewa, akaunti imefutwa, au mwenye akaunti amemzuia anayetazama. Kwa hiyo kabla ya kutangaza kwamba jina halipo, mhakiki hulifungua kwa akaunti nyingine au kwa simu ya mwenzake. Likifunguka huko, akaunti ya ofisi imezuiwa, na kumtaja mtu aliyeizuia ni uamuzi wa mhariri tena, haumhusu fundi.

Wenye majina mengi, kwa mfano waandaaji wa kongamano lenye wazungumzaji 60, hutamani kompyuta iwafanyie kazi hiyo. Inawezekana, kwa tahadhari. Programu za kawaida za kupima viungo hazifai hapa: ukurasa wa X hujibu "nipo" hata kwa jina la kubuni, kisha huandika kosa ndani yake baadaye, na Instagram mara nyingi humpeleka mgeni kwenye ukurasa wa kuingia. Programu inaona majibu hayo yote kuwa mazuri na kutoa ripoti ya kijani tupu. Ripoti isiyo na kosa hata moja katika majina 60 inapaswa kutiliwa shaka, na njia ya kuijaribu ni kuingiza jina la uongo kwa makusudi. Lisipokamatwa, kipimo chenyewe kimekufa. Njia ya uhakika kwa X ni mlango wake rasmi wa programu, ambao hupokea hadi majina 100 kwa ombi moja:

```
GET /2/users/by?usernames=SimbaSCTanzania,YoungAfricansSC
```

Jibu lake hutenga akaunti zilizopatikana na zisizopatikana, na kwa kila iliyopatikana hutoa namba ya kudumu. Namba hiyo ni mali kubwa: mwenye akaunti anaweza kubadilisha jina mara kumi, namba haibadiliki. Ofisi inayotaja watu walewale kila wiki ikihifadhi namba pamoja na jina, itajua siku ambayo jina limehamia kwa mtu mwingine.

Hilo la kuhama ndilo linaloitenga posti iliyopangwa na posti nyingine zote. X na Instagram hutafuta jina wakati posti inapotoka, si wakati ilipoandikwa. Jina lililohakikiwa Jumatatu ni sahihi kwa Jumatatu. Posti ikitoka Ijumaa, siku nne zimepita ambazo hakuna aliyezitazama.

Tarehe 22 Machi 2019, akaunti ya Rais Uhuru Kenyatta, @UKenyatta, iliyokuwa na wafuasi zaidi ya milioni 3, iliondolewa ghafla, na Ikulu ya Kenya ikaeleza kwamba kulikuwa na watu walioingia humo bila idhini. Yeyote aliyekuwa amepanga posti yenye jina hilo siku moja kabla alikuwa na posti sahihi jioni na yenye jina mfu kesho yake, bila kugusa herufi hata moja. Marekani kuna mfano wa upande mwingine. Jina @POTUS ni la cheo, na hukabidhiwa rais mpya siku ya kuapishwa. Mwaka 2017 posti za Obama zilihamishiwa @POTUS44, na 2021 zile za Trump zikahamishiwa @POTUS45. Posti ya shukrani kwa rais anayeondoka, iliyopangwa tarehe 19 Januari na kutoka tarehe 21, humshukuru mrithi wake. Jina lipo, ni rasmi, herufi zote ni sahihi, na ujumbe umemwendea mtu mwingine.

Mambo kama hayo hutokea pia kwa watu wa kawaida, bila mtu kutangaza. Kampuni inabadilisha jina la biashara, msanii anahama lebo, mfanyakazi anaondoka na akaunti. Anayebadilisha jina Instagram kwa kawaida ana siku 14 za kulirudia jina lake la zamani. Baada ya hapo linaweza kuchukuliwa. Kwa sababu hiyo uhakiki mzuri hufanywa mara mbili. Ule wa kwanza, mrefu, hufanywa posti inapopangwa: umbo, anwani, mwenyewe. Wa pili ni wa dakika chache na hufanywa siku ya kutoka, ndani ya saa moja kabla: majina yanabandikwa tena kwenye anwani na kurasa zinatazamwa kama bado ni zilezile. Posti ikipangwa kutoka alfajiri, mtu apewe zamu hiyo kwa jina, au isogezwe hadi saa ambayo ofisi ina watu. Na mpangilio wa posti wa mwezi mzima usibebe majina ya akaunti bila tarehe ya uhakiki wa mwisho kando ya kila jina.

Yapo ambayo uhakiki wote huo hauwezi kuyashika. Mwenye akaunti ya Instagram anaweza kuwa ameweka kwamba wanaoruhusiwa kumtaja au kumtagi kwenye picha ni watu anaowafuata yeye tu, au asiwe radhi kwa yeyote. Ukurasa wake utafunguka vizuri na herufi zitakuwa sawa, ila tagi haitakubali. Akaunti za faragha nazo haziwezi kutagiwa kwenye picha kupitia programu za kupangia. Kunahitajika akaunti iliyo wazi kwa umma, na tagi zisizidi 20 kwa posti. Kwa mtu muhimu, mgeni rasmi au mdhamini, jibu la kweli hupatikana kwa kumuuliza msaidizi wake siku mbili tatu kabla: "Jina gani mnatumia kwenye X, na tukiwataja litakubali?" Msaidizi atume kiungo cha ukurasa. Picha ya skrini haifai, kwa kuwa italazimisha mtu kuandika upya kwa mkono.

Posti ikishatoka, dakika tano za kwanza ni za kubofya kila jina kutoka kwenye posti yenyewe, kwa simu isiyo ya aliyeposti. Kosa likionekana Instagram, maelezo ya picha huhaririwa papo hapo. Kwenye X, kuhariri ni kwa wanaolipia, na kwa muda wa saa moja tu. Wengine hufuta na kuposti upya. Aliyetajwa kimakosa huenda ameshapata taarifa kwenye simu yake kabla posti haijafutwa, kwa hiyo ofisi humwandikia moja kwa moja kumweleza kwamba jina lake liliwekwa kwa makosa na limeondolewa.